UZI: Kipindi cha akiba na bajeti kwa kidato cha sita. Nataka kutumia kisa kimoja tu, nisaidieni kukinoa

ChakiNyeupe

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha Uchumi kidato cha tano na sita, shule ya bweni ya wasichana, Dodoma. Mkuu wa shule ameniachia vipindi viwili vya Ijumaa vinavyofuatana, dakika 80, niwafundishe kidato cha sita kuhusu akiba na bajeti kabla pilikapilika za mtihani wa Mei hazijawakolea. Darasa lina wasichana zaidi ya sitini. Vifaa ni ubao na chaki, basi.

Ile ya "maana ya bajeti, faida za bajeti, hasara za kuishi bila bajeti" siitaki. Wataandika, watakariri, na Jumamosi watakopa hela ya chapati kama kawaida. Nataka kisa kimoja kibebe kipindi chote. Nimekiandika hivi:

*Zawadi anasoma kidato cha sita Dodoma, kwao Mwanza. Januari amefungua shule na shilingi 160,000. Nyumbani wamemwambia hiyo ndiyo hiyo, hakuna nyingine mpaka amalize mtihani, wiki 16 mbele. Humo humo itoke nauli ya kurudi Mwanza, 40,000, na ada ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, 30,000. Kila wiki nne ananunua sabuni, pedi, dawa ya meno na mafuta ya kupaka, jumla 9,000. Ametenga 6,000 ya dharura. Kinachobaki ni cha kantini.*

*Wiki nne zimepita. Mahitaji amenunua mara moja, kantini ametumia 28,000, na amemkopesha rafiki yake 10,000. Leo anaangalia simu: salio ni 113,000. Duka la nje ya geti limeleta raba nzuri, 25,000. Anunue?*

Zawadi nimembuni. Nauli na bei za sabuni ni za kukadiria. Ile 30,000 ndiyo imekuwa ada ya maombi HESLB kwa miaka kadhaa sasa, ingawa nitawaambia wasome mwongozo wa mwaka wao. Swali langu kwenu: kisa kinabeba dakika 80? Na kinavuja wapi?

KibaruaWaTemeke

Laki na sitini! Enzi zetu tulifungua shule na ndoo, jembe na elfu tano ya kushonea kiatu. Ngoja nikae hapa pembeni nisome.

MamaPacha

Mwalimu, mimi mzazi, nikuambie ukweli, hiyo 160,000 ni nyingi mno kwa mtoto wa shule. Nina wa kiume yuko kidato cha tano huko nyanda za juu. Mimi simpi kwa mkupuo. Namtumia elfu thelathini kila mwezi kwa namba ya mwalimu wake, na bado kila baada ya wiki mbili simu inaingia, mama hela imeisha. Makato ya kutuma nalipa mimi, ya kutoa anakatwa yeye. Sasa niambie, nimpe kiasi gani kinachotosha?

ChakiNyeupe

Mama, asante, ila sijauliza mtoto apewe kiasi gani. 160,000 nimeiweka ili hesabu ikae vizuri ubaoni: ukitoa nauli, ada ya maombi, mahitaji ya mara nne na dharura, inabaki 48,000, ambayo ni 3,000 kwa wiki. Ila hilo la kutuma kidogo kidogo nitalirudia, maana wengi wa wanafunzi wangu wanatumiwa hivyo hivyo.

MhasibuMtarajiwa

Mkuu, kisa kizuri lakini hesabu ina kasoro. Umeandika salio 113,000 na ile 10,000 aliyokopesha umeifanya kama imeliwa. Mkopo si matumizi! Kwenye vitabu rafiki yake ni mdaiwa, na mdaiwa ni mali. Kwa hiyo Zawadi ana 123,000. Hao wanafunzi wako kama wanasoma Uhasibu watakuumbua hapo mbele.

Halafu mbona hujatumia ile kanuni ya asilimia? Hamsini mahitaji, thelathini anavyovitaka, ishirini akiba. Ni rahisi, inajulikana, unamaliza kwa dakika kumi.

ChakiNyeupe

Hesabu ya vitabu sikatai. Lakini mhudumu wa basi hapokei mdaiwa.

MhasibuMtarajiwa

Hahaha. Lakini bado ni mali.

Mwl_Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nilifundisha Hisabati, na baada ya kustaafu nimekuwa nikikaa na vikundi vya akina mama vya VICOBA huku Kilimanjaro, kwa hiyo haya mambo ya fedha ya mkononi nayaona kila wiki. Naomba niseme machache.

Kijana wa uhasibu uko sahihi kwa nusu. Mkopo ni mali, sawa. Lakini swali la Zawadi si "nina mali kiasi gani". Swali lake ni "leo naweza kutoa kiasi gani mfukoni bila kukwama kabla ya Mei". Kwa swali hilo, 10,000 iliyoko kwa rafiki haipo mpaka irudi. Kwenye vikundi ndipo tunapogombana hasa: mtu anahesabu fedha aliyokopesha kana kwamba iko kwenye sanduku. Mwalimu, usiiondoe hiyo 10,000 kwenye kisa, ni tunu. Waache wanafunzi wenyewe wabishane kama mlivyobishana hapa, kisha wafanye hesabu mara mbili, ikirudi na isiporudi.

Asilimia ziache. Zinamfaa mtu wa mshahara, anayeingiza kila mwezi kiasi kile kile. Zawadi ameingiza mara moja na hataingiza tena kwa wiki 16. Ukimwambia asilimia ishirini ni akiba, atatenga 32,000, na nauli peke yake ni 40,000. Kanuni imefuatwa na mtoto amebaki stendi.

Sasa kisa chenyewe. Uzuri wake ni kwamba 113,000 inaonekana nyingi. Hapo ndipo pa kukaa, na usipapite haraka. Soma kisa mara moja, kisha kabla mtu hajagusa kalamu waambie wanyooshe mikono: anunue, asinunue. Andika idadi ubaoni pembeni, uiache hapo. Usiseme nani kapatia. Ndipo uwape dakika kumi na tano wawili wawili wafanye hesabu.

Jambo moja muhimu: usifiche nauli ili uje kuifichua baadaye kama mchezo wa kiini macho. Iwe imeandikwa tangu mwanzo, kama ulivyofanya. Wataisoma na bado wataisahau wakati wa kupiga kura, kwa sababu salio limewajaa machoni. Ukificha, watasema "mwalimu hukutuambia", na watakuwa na haki.

ChakiNyeupe

Shikamoo mwalimu. Nashukuru sana. Hesabu niliyotegemea waifanye ni hii:

113,000 − 40,000 nauli − 30,000 ada ya maombi = 43,000
43,000 − 27,000 mahitaji mara tatu zilizobaki = 16,000
16,000 − 6,000 dharura = 10,000
10,000 kwa wiki 12 = kama 830 kwa wiki

Yaani kabla hata ya raba ameshashuka kutoka 3,000 kwa wiki hadi 830. Akinunua raba anabaki na 88,000. Toa ile 70,000 ya nauli na maombi, inabaki 18,000, na mahitaji yanataka 27,000. Amepungukiwa 9,000, yaani mwezi mzima hana sabuni wala pedi, na kantini hajagusa hata senti, na dharura imeshaliwa.

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Hesabu iko sawa. Sasa jiandae kwa makosa mawili, yatakuja hakika. Pita kwenye madawati uangalie madaftari, usisubiri majibu ya mdomo.

La kwanza, watatoa 36,000 ya mahitaji badala ya 27,000, kwa sababu wameona "9,000 mara nne" kwenye kisa na wamesahau kwamba mara ya kwanza imeshalipwa na imeshatoka kwenye salio. Wametoa fedha ileile mara mbili. La pili, watagawa kwa 16 badala ya 12. Huyo anayegawa kwa 16 hajakosea kugawanya. Bado anaiona bajeti kama karatasi iliyoandikwa Januari, wakati Zawadi yuko Februari. Ukiliona kosa hilo kwa wengi, simamisha darasa. Hapo ndipo somo lilipo.

Mwalimu_wa_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi hufundisha Biashara kidato cha tatu na cha nne, na hii ya kugawa kwa wiki zote badala ya zilizobaki nimeiona sana. Dawa niliyopata ni kuchora visanduku ubaoni. Wiki kumi na sita, visanduku kumi na sita kwa mstari mmoja. Kisha mwanafunzi mmoja anakuja mbele anafuta vinne vya kwanza kwa mkono wake. Mara tu vinafutika, hakuna anayegawa kwa kumi na sita tena.

Swali dogo lakini. Kwenu wanafunzi wa bweni wanaruhusiwa simu? Kwetu la. Pesa za matumizi huwekwa kwa mwalimu wa bweni ama ofisi ya fedha. Hiyo "anaangalia simu: salio ni 113,000" wanafunzi wangu wangecheka.

KibaruaWaTemeke

Haha! Mwalimu kamatwa na simu bwenini. Hiyo ni kesi ya bodi.

ChakiNyeupe

Huku pia haziruhusiwi. Basi salio linahama: matroni ana daftari la amana, Zawadi anaenda kuchukua hela, matroni anamwonyesha mstari wa mwisho, 113,000. Tena inakuwa kali zaidi kwa sababu daftari hilo wanalijua wote.

Mwl_Mstaafu

Vizuri sana, na hilo linakupa nusu ya pili ya kipindi bure. Dakika arobaini za kwanza ni za kugundua kwamba 113,000 si ya kutumia. Arobaini za pili ziwe za swali moja: Zawadi angefanya nini siku ya kufungua shule Januari ili daftari lenyewe lisimdanganye?

Jibu waache walitafute. Wengi watasema "awe na nidhamu". Likatae hilo kwa upole, uliza: nidhamu hiyo inaandikwa wapi? Wataanza kufika. Matroni afungue kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza 70,000, umeandikwa "nauli na maombi, haitoki kabla ya Mei", mwanafunzi amesaini, matroni amesaini. Ukurasa wa pili 90,000. Hapo Februari atakapoenda kuangalia, ukurasa wa pili utasoma 43,000 na si 113,000. Ni fedha zilezile, lakini raba ya 25,000 mbele ya 43,000 inamfanya mtu asite, na mbele ya 113,000 haimfanyi. Vikundi vyetu hufanya hivyo hivyo, mfuko wa jamii na mfuko wa hisa havichanganywi, hata kama vyote viko kwenye sanduku moja lenye kufuli tatu.

Wengine watasema agawe zaidi, 36,000 ya mahitaji iwe na ukurasa wake. Mkubalie anayesema hivyo, ila muulize matroni mwenye wasichana mia mbili ataandika kurasa ngapi. Mpango usiotekelezeka bwenini ni pambo la ubaoni.

Mwanaisha_T

Samahani naingilia. Kwa nini msiwafundishe kabisa kuwekeza? Hiyo 70,000 inakaa kwa matroni miezi minne imelala. Angeiweka kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT, ingezaa. Vijana waanze mapema jamani.

ChakiNyeupe

Dada, 70,000 kwa wiki 16 ingezaa hela ndogo sana, na ya kuitoa tena anahitaji simu na akaunti, vitu ambavyo Zawadi hana bwenini. Fedha yenye tarehe ya karibu mimi naiacha ikae tu, mradi haiguswi. Uwekezaji nitaufundisha siku nyingine kwa kisa kingine. Nikiuchanganya hapa, swali la raba litapotea.

Mwanaisha_T

Sawa, ila mimi bado naona mnawafundisha kuficha hela tu.

MamaPacha

Nimesoma yote, kumbe nilikuwa nimekuelewa vibaya. Sasa nauliza kwa upande wangu: mimi ninayetuma 30,000 kila mwezi, mwanangu anajifunza nini kwenye kisa chako? Nauli namtumia mwisho wa muhula, sabuni namfungashia nyumbani. Yeye kazi yake ni kula kantini na kunipigia.

Mwl_Mstaafu

Mama Pacha, umeligusa pagumu. Ukituma kidogo kidogo unalinda fedha, lakini kupanga unapanga wewe, yeye hapangi. Ukimpa yote kwa mkupuo anapanga yeye, na anaweza kuipoteza yote wiki ya pili. Mimi nimeona wazazi wa kila upande na sina jibu moja la kukupa. Watoto wenyewe hawafanani.

Ila ungeweza kujaribu katikati. Tuma kama kawaida, lakini mpe jukumu moja lenye tarehe, kwa mfano nauli. Mwambie kwenye kila 30,000 kuna 8,000 ya nauli, na Desemba hutumi nauli. Anza na muhula mfupi.

MamaPacha

Akiila je? Nimwache huko Desemba?

Mwl_Mstaafu

Hapana mama, utaituma tu. Na yeye anajua utaituma. Ndiyo maana nimesema ni pagumu.

MhasibuMtarajiwa

Nimekaa nimefikiria. Nakubali kwamba kwa swali la raba mdaiwa hahesabiwi. Ila basi ikirudi ile 10,000, fungu la kantini linakuwa 20,000 kwa wiki 12, kama 1,660 kwa wiki. Ni mara mbili ya 830! Kwa hiyo kudai deni ndiyo hatua kubwa kuliko zote anazoweza kuchukua wiki hiyo, kubwa kuliko kupunguza maandazi.

Mwl_Mstaafu

Hapo umesema jambo, kijana. Na ni gumu kwa wasichana wa miaka kumi na minane, kudai rafiki wa kitanda cha juu. Mwalimu, tenga dakika tano waigize. Mmoja ni Zawadi, mwingine ni mdaiwa. Utaona wanavyojua hesabu lakini ulimi unakwama.

Mwalimu_wa_Nakuru

Naomba kuonya kitu kimoja. Mwaka mmoja niliwaambia wanafunzi, baada ya kisa, kila mmoja aandike bajeti yake halisi ya muhula. Wale waliopewa kidogo waliandika takwimu za uongo, na mmoja alikaa na karatasi tupu kipindi chote. Siku hizi wote tunabaki na mtu wa kubuni mpaka mwisho. Anayetaka kufanya yake anafanya kwa daftari lake, mimi silikagui.

ChakiNyeupe

Hilo limeingia. Nina wasichana wanaofungua shule na nauli ya kuja tu.

Kwa ajili yao nataka kuongeza swali: kama Zawadi angefungua na 90,000? Nauli 40,000 na mahitaji 36,000, inabaki 14,000. Ada ya maombi haitoshi hata kabla ya kantini. Hapa nataka waone kwamba hakuna upangaji utakaoifanya 14,000 iwe 30,000. Kinachobaki ni kwenda kusema mapema. Januari mzazi ana miezi ya kuitafuta 16,000 iliyopungua. Akiambiwa siku moja kabla dirisha la maombi halijafungwa, anaenda kukopa kwa jirani. Mnaonaje, niliweke au litawavunja moyo?

Mwl_Mstaafu

Liweke, na uliweke kabla ya kengele, si mwisho kabisa ambapo hakuna muda wa kulijadili. Darasa linaloambiwa kila mtu anaweza kuweka akiba, wakati watano mle ndani hawana cha kuweka, halitakuamini tena.

KibaruaWaTemeke

Mimi nina swali la kweli sasa, si utani. Hiyo 6,000 ya dharura ya nini? Shuleni kuna zahanati, chakula cha shule, kitanda cha shule. Dharura gani? Si ale tu kantini awe na afya?

ChakiNyeupe

Ndala kukatika, miwani kuvunjika, kuibiwa ndoo. Dawa ambayo zahanati haina.

KibaruaWaTemeke

Ndoo unaazima. Mimi naona ni woga wa walimu.

Mwalimu_wa_Nakuru

Huyu ndugu si mjinga. Elfu sita kati ya laki moja na sitini haitanunua miwani. Itanunua ndala. Labda wanafunzi waamue wenyewe kama wanaitaka, na waseme wanaiogopea nini. Wakiitoa, Zawadi ana 16,000 kwa wiki 12, kama 1,330 kwa wiki.

Mwl_Mstaafu

Mimi ningeiacha. Lakini waamue wao.

---

ChakiNyeupe

MREJESHO. Kipindi kimefanyika jana. Naandika yaliyotokea.

Kura ya kwanza: karibu darasa zima lilisema anunue. Sababu zilizotajwa kwa sauti: "ana laki na ushee", "raba zitamfaa hata chuoni", "bei itapanda". Hakuna aliyetaja nauli, na kisa kilikuwa ubaoni mbele yao.

Hesabu ya wawili wawili ilichukua dakika 25, si 15. Makosa yalikuja kama mwalimu mstaafu alivyosema, hasa lile la kutoa 36,000. Visanduku vya Nakuru vilisaidia sana. Msichana aliyekuja kuvifuta alifuta vinne, akasimama, akageuka akasema, "Kumbe vimebaki vingi hivi?" Mwenzake wa nyuma akajibu, "Na hela haijabaki." Sikuwa na la kuongeza.

Kura ya pili walibaki wachache wa kununua. Mmoja alijitetea vizuri: anunue, ila aongee na nyumbani leo kwamba ada ya maombi atahitaji kusaidiwa. Nilimuuliza kama hapo amepanga au amehamisha tatizo kwa baba yake. Akasema vyote viwili. Sikumkosoa.

Maigizo ya kudai deni ndiyo yaliyochangamsha darasa. Aliyekuwa Zawadi alianza kwa kuomba radhi. Anadai hela yake na anaomba radhi! Wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Mwishoni walikubaliana deni lilipwe 2,500 kila Jumamosi, mara nne.

Kwenye kurasa mbili za matroni kulizuka jambo ambalo sikulitegemea. Waliniuliza: matroni akihamishwa Machi, au daftari likipotea? Tukakubaliana mwanafunzi awe na nakala ya mstari wake, yenye saini, kwenye daftari lake mwenyewe. Matroni nimemwambia, amekubali kujaribu kwa wanaotaka tu.

Swali la kupima nililowapa waandike: *mwisho wa wiki ya nane, ukurasa wa pili una 40,000, mahitaji yamebaki mara mbili, dharura haijaguswa, kuna ziara ya 15,000. Aende?* 40,000 ukitoa 18,000 na 6,000 inabaki 16,000 kwa wiki nane, 2,000 kwa wiki. Akienda inabaki 1,000 tu kwa wiki zote nane. Nimekubali "aende" na "asiende", mradi mtu ameandika ni kitu gani anakiacha. Bado wapo waliogawa kwa 16. Hao nitakaa nao Jumatatu.

Mwl_Mstaafu

Safi sana. Hao waliogawa kwa 16, usiwaambie kosa. Wape visanduku wachore wenyewe.

MhasibuMtarajiwa

Deni limelipwa kwa awamu! Nimefurahi kuliko ninavyopaswa.

Nyamwezi_Asilia

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi nafundisha shule ya kutwa, Tabora. Wanafunzi wangu hawafungui shule na laki, wanapewa 1,000 au 1,500 kila asubuhi, nauli ya daladala na ya chai humo humo, na siku nyingine hawapewi kabisa. Kisa cha wiki 16 kwangu hakikai. Nani ana wazo?

ChakiNyeupe

Hapo fedha inaingia kila siku, kwa hiyo hakuna salio kubwa la kumdanganya mtu. Ugumu wake ni kwamba mia mbili ya kila siku haionekani, na siku ambayo hakupewa ndiyo inayovuruga. Ningeanza na siku hiyo: Jumatano hakupewa, afanyeje, na Jumatatu angeweza kufanya nini. Lakini sijawahi kukifundisha. Waulize wanafunzi wako siku ngapi kwa mwezi mtoto wa kubuni hapewi, wakupe wao hiyo idadi, kisha kirushe hapa tukichambue.

Mwalimu_wa_Nakuru

Na usisahau wale wanaotembea ili wabaki na nauli. Hao tayari wanaweka akiba, hakuna tu aliyewaita hivyo.

Nyamwezi_Asilia

Wapo wengi. Nitaandika kisa wikiendi hii nikilete.